Jedwali Lisilo na Jina la Mtu



Nimeombwa nizungumze kuhusu namna ya kuchagua biashara, nami nitazungumza kuhusu kuku wa nyama mia tano. Nimewachagua kwa sababu wengi mliomo ukumbini humu ama mmewahi kuwafuga, ama mmewahi kutumiwa jedwali lao kwenye simu na rafiki aliyewaambia kwamba wiki tano tu zinatosha. Jedwali hilo mnalijua. Juu kabisa kuna bei ya kifaranga, chini yake chakula, halafu chanjo na dawa, mkaa, maranda, na mwisho bei ya kuuzia. Ukizidisha na kutoa, faida inabaki.

Tuliandike basi, kwa bei za mfano, kwa sababu bei hizi hubadilika kila msimu na kila mmoja atatumia za kwake. Vifaranga mia tano kwa shilingi 1,600 kila mmoja ni 800,000. Kuku wa nyama hadi wiki tano hula kilo tatu na kidogo. Tuseme kilo 3.2. Kwa kuku mia tano hizo ni kilo 1,600, yaani mifuko 32 ya kilo hamsini. Mfuko ukiwa 70,000, chakula peke yake ni 2,240,000. Chanjo, dawa, mkaa na maranda tuvipe 300,000. Jumla ni 3,340,000. Wakifa asilimia tano, kiwango ambacho mfugaji mzoefu hakimnyimi usingizi, wanabaki 475. Ukiwauza kwa 7,800 unapata 3,705,000. Faida ni 365,000 kwa wiki tano.

Hesabu hizo ziko sawa. Soko nalo lipo: ukisimama jioni karibu na stendi ya Msamvu hapa Morogoro, au mtaa wowote wa mji huu wenye kibanda cha chipsi, utaona kuku wanavyokwenda. Ila jedwali hilo ni lile lile kwa mwalimu, kwa dereva, kwa mjane mwenye nyumba kubwa Kihonda, na kwa mhasibu wa benki aliye kazini hadi saa kumi na mbili jioni. Halimwoni yeyote kati yao. Linamwahidi kila mmoja 365,000, na sisi sote tunajua kwamba hawataondoka na kiasi kimoja. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka tuichunguze leo.

Majirani zetu wa Kenya walilipata somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2013 na 2014 watu wengi kule waliingia katika ufugaji wa kware, kwa kuwa mayai yake yalikuwa na bei ya ajabu na yalisifiwa kuwa dawa. Aliyekwenda sokoni kupima aliikuta bei hiyo kweli. Lakini maelfu walipima soko lile lile kwa wakati mmoja na wakapata jibu lile lile, kisha wakaingia pamoja, na bei ikaporomoka wakiwa bado wanajenga vizimba. Soko linapoonekana na kila mtu, kuliona si faida tena. Swali linalobaki ni wewe una nini ambacho aliye karibu nawe hana.

Kuna mwanamke mmoja msomi, Saras Sarasvathy, Mhindi anayefundisha Chuo Kikuu cha Virginia kule Marekani, aliyelifanyia kazi swali hili kwa njia niipendayo. Aliwachukua wajasiriamali 27 waliokuwa wamekwishajenga kampuni, akawapa biashara ya kufikirika na kuwaomba wafikiri kwa sauti huku akirekodi. Makala yake maarufu ilitoka mwaka 2001. Alichokiona ni kwamba wazoefu wale hawakuanza na utafiti wa soko, na wengi hawakuuamini sana. Walianza na vitu vitatu walivyokuwa navyo mkononi: wao ni nani, wanajua nini, na wanamjua nani. Halafu walijiuliza wanaweza kumudu kupoteza kiasi gani, kabla ya kujiuliza watapata kiasi gani. Nitazifuata hatua zake kwa kiasi, lakini nitaziingiza bandani, kwa sababu zikibaki darasani zinafanana na mawaidha.

Tumchukue mwalimu mmoja wa sekondari hapa Morogoro. Nimemtunga kwa ajili ya mhadhara huu, lakini mtamtambua. Ni mama wa miaka thelathini na minane, anafundisha kemia, ana banda tupu nyuma ya nyumba na milioni tatu na nusu alizozipata kwenye chama cha kuweka na kukopa. Nyumbani wako yeye, mumewe anayesafiri na magari ya mizigo, na mtoto wa darasa la sita. Ana jedwali. Anataka kujua kama aanze.

Tutampima kwa vipimo vitatu: ujuzi, watu na nguvu. Tuanze na ujuzi, kwa sababu ndio unaoogopwa zaidi na ndio, kwa maoni yangu, unaostahili kuogopwa kidogo kuliko vyote. Kazi ngumu ya kuku wa nyama imo katika siku kumi za mwanzo. Kifaranga wa siku moja hawezi kujipasha joto mwenyewe. Anahitaji nyuzi 32 hadi 34 za sentigredi, kisha joto lipunguzwe nyuzi mbili au tatu kila wiki. Kipimajoto kinasaidia, lakini mlezi mzuri huwasoma vifaranga wenyewe. Wakijikusanya chini ya chanzo cha joto na kulia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi na mabawa yameachwa kuning'inia, joto limezidi. Wakisogea wote upande mmoja, kuna upepo unaoingia mahali. Wakitawanyika sawasawa, huyu akila na yule akilala, hapo ndipo. Jioni ya siku ya kwanza unawashika wachache na kupapasa kifuko cha chakula chini ya shingo: kikiwa kimejaa na laini, wameona chakula na maji, kikiwa tupu kwa wengi wao, kuna kosa, na una saa chache za kulirekebisha.

Baadaye zinakuja chanjo. Ya kideri kwa kawaida hutolewa karibu na siku ya saba, ya gumboro karibu na siku ya kumi na nne, na marudio kwa ratiba anayokupa aliyekuuzia vifaranga. Chanjo hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 mpaka dakika ya kuchanganywa, huwekwa kwenye maji yasiyo na klorini, na kuku huwa wamenyimwa maji kwa saa moja au mbili ili wayamalize haraka. Mwalimu wetu wa kemia atayaelewa haya kuliko wengi wetu. Anajua kwa nini klorini ya maji ya bomba inaua chanjo, anajua kupima, anajua kuandika kumbukumbu. Asichokijua ni kusoma vifaranga, na hilo halimo kitabuni.

Jaribio la ujuzi, basi, ni rahisi na halihitaji kununua chochote. Aende kwa mfugaji anayepokea vifaranga wiki ijayo, aombe kuwa msaidizi wake kwa wiki hiyo, asubuhi na jioni. Siku ya tatu amwambie mwenye banda: leo mimi nitasema kama joto liko sawa kabla hujasema wewe. Wakikubaliana mara nyingi, mkono unaanza kupatikana. Wasipokubaliana hata siku ya saba, bado ana nafasi ya kurudi kwa kundi linalofuata. Ujuzi wa namna hii una sifa moja njema, kwamba hujifunzwa kwa muda unaojulikana, na ukikosekana kwako unaweza kuuona umekosekana. Ndiyo maana nasema usiogopwe sana. Ninayemwogopa ni yule anayesema bibi yake alifuga kuku maisha yote. Kuku wa kienyeji wa bibi waliangaliwa na mama yao mwenye mabawa, na hawa wa kwenye boksi hawana mama.

Sasa tuje kwa watu, na hapa naomba mnivumilie nikae, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi za wastaafu na walimu zinapozama.

Kuku wa nyama ana siku zake. Akifika siku ya thelathini na tano anakula takriban gramu 160 kwa siku. Tuseme umeuza 175 kati ya wale 475, na mia tatu wamebaki. Hao watakula kilo 48 kesho, karibu mfuko mzima, shilingi 67,200 kwa bei yetu ya mfano. Wateja wengi hununua kwa kichwa, kwa kukadiria kwa macho na mkono, kwa hiyo uzito unaoongezeka baada ya hapo hulipwi sawasawa na chakula ulichotoa. Gawanya ile faida ya 365,000 kwa 67,200: imekwisha kabla ya siku sita. Mfugaji aliyelea vizuri kabisa, hakupoteza zaidi ya asilimia tano, chanjo zote kwa wakati, anaweza kumaliza bila kitu kwa sababu tu alianza kutafuta wateja kuku walipokuwa tayari. Dalali anayajua haya kuliko yeye. Atafika siku ya thelathini na saba, ataangalia hori la chakula, ataangalia kuku, kisha atataja bei na kuanza kuondoka taratibu.

Lakini mwalimu atasema anajua watu wengi. Simu yake ina majina mia nane. Sawa, tuyachuje. Kwanza, katika hao ni nani anayenunua kuku kila wiki, si sikukuu tu? Pili, ni nani anayelipa taslimu pale anapochukua? Hili la pili ni zito kuliko linavyoonekana, maana boksi la vifaranga wa awamu inayofuata halikopeshwi kirahisi, na fedha yake ni ile iliyo mikononi mwa walionunua awamu hii. Tatu, yuko wapi afisa mifugo wa kata atakayepokea simu saa tatu usiku ukimwambia umeona damu kwenye kinyesi, na akakuambia ukweli badala ya kukuuzia dawa aliyonayo? Nne, ni muuza chakula yupi atakayekupa mifuko mitano leo umlipe Ijumaa? Mtu mmoja mwenye majina tisa ya namna hiyo ana watu wa biashara hii. Mwenye majina mia nane ya kwenye harusi na misiba ana jamaa, jambo jema sana, lakini ni jambo jingine.

Najua kuna anayefikiri atawauliza. Atawapigia mama lishe na wenye vibanda vya chipsi na kusema, nikifuga kuku mtanunua? Wote watajibu ndiyo, tena kwa moyo mweupe. Waswahili hatumkatishi mtu tamaa kwa jambo ambalo bado halijaanza. Jibu hilo halina uzito wowote, na ukilichukua kama soko utakuwa umejidanganya kwa heshima ya watu.

Jaribio ninalolipendekeza ni hili. Usifuge. Nunua kuku ishirini walio tayari kutoka kwa mfugaji mwingine kwa bei yake ya jumla, na uwauze wewe ndani ya siku mbili. Utahitaji kama shilingi 156,000, na sehemu kubwa itarudi. Hutapata faida ya maana. Huenda ukapoteza nauli na chakula cha siku moja. Ulichonunua ni kuona. Utaona nani alipokea simu, nani alisema njoo kesho, nani alitaka wachinjwe na kunyonyolewa kwanza, nani alitaka mkopo mpaka mwisho wa mwezi, na nani alikupa bei ambayo jedwali lako halikuitarajia. Utaona pia kama wewe mwenyewe uliona haya kuingia kibandani na kuku wawili miguu juu, mbele ya wanafunzi wako. Msicheke. Haya hiyo ni gharama halisi. Kwa mwalimu, kwa mchungaji, kwa mke wa mtu mkubwa, inaweza kufanya kila mauzo yapitie kwa kijana wa kutumwa, na kijana wa kutumwa ana bei yake ya pembeni.

Wengi hushauri kuanza na kuku hamsini kama jaribio. Ushauri huo ni mzuri nusu, na nusu ya pili inapotosha, kwa hiyo tuutenganishe. Kuku hamsini wanapima ulezi kwa haki, kwa sababu vifaranga hamsini wanahitaji joto lile lile na chanjo zile zile. Wanapima usiku wako pia, kwa kuwa kuamka kuongeza mkaa kwa ajili ya hamsini ni kuamka kule kule kwa mia tano. Lakini kuhusu wateja hamsini hawapimi kitu. Hamsini huisha kwa majirani, kwaya, ofisi ya walimu na shangazi anayetaka kukuunga mkono. Wanaisha kwa siku mbili, kwa bei nzuri, na mfugaji anaamini amegundua soko. Wale mia nne na hamsini wa ziada hawana shangazi. Ndiyo maana napenda majaribio yatengane: ulezi upimwe kwa ulezi, na mauzo yapimwe kwa kuku wa mwenzako, yarudiwe kwa wiki tatu mfululizo, kwa sharti kwamba ndugu na wafanyakazi wenzako hawaruhusiwi kununua.

Nguvu ndicho kipimo cha tatu, na watu hukipima vibaya kwa kuhesabu saa. Mwalimu atasema anatoka kazini saa tisa, ana jioni nzima na Jumamosi, kwa hiyo muda upo. Ukijumlisha saa, kweli upo. Kuku lakini hawachukui jumla ya saa. Wanachukua saa zao wenyewe. Mkaa kwenye chungu hauendi usiku kucha, kwa hiyo kuna mtu ataamka saa tano, saa nane na saa kumi na moja, kwa usiku saba au zaidi. Ukitumia taa za umeme, umeme ukikatika saa saba usiku unakuwa na dakika, si saa. Na chungu cha mkaa lazima kiwashwe nje mpaka moshi uishe kabla ya kuingizwa, na banda lipitishe hewa hata baada ya hapo, maana hewa yake inaua vifaranga na inaweza kumuua mlezi aliyelala kando yao. Kazi hiyo haifai kuachiwa mtoto wa darasa la sita.

Halafu kuna siku za mauzo, na wateja wa kuku hupiga simu asubuhi. Kibanda kinataka kuku kabla ya saa sita ili jioni wawe tayari kukaangwa. Saa nne asubuhi mwalimu yuko maabara na kidato cha tatu. Nenda mbele kidogo kwenye kalenda: Novemba ni mtihani wa taifa wa kidato cha nne, usimamizi, marundo ya karatasi za kusahihisha. Awamu itakayoanza mwishoni mwa Septemba itakuwa tayari kuuzwa wakati huo. Chukueni kalenda ya mwaka ya kazi yenu, ya msimu wa ibada, wa kilimo, wa safari za mume, na juu yake pangeni awamu sita za kuku. Mahali siku nzito za kalenda mbili zinapoangukia pamoja, wekeni alama ya wino mwekundu. Mwalimu wetu anapata alama tatu katika sita. Jedwali halikuwa na mahali pa kuziandika.

Jaribio la nguvu nalo linafanyika bila kuku. Kwa usiku saba, katikati ya muhula, weka kengele ya simu saa tano, saa nane na saa kumi na moja. Kila ikilia toka nje hadi bandani, kaa dakika kumi na tano, rudi. Mchana nenda kazini kama kawaida. Usijipime usiku wa pili, kila mtu ni shujaa usiku wa pili. Jipime wa tano: umemfokea nani, umesahau nini, kipindi cha kwanza ulikifundishaje. Mumeo au mkeo akihesabiwa kwenye mpango, na yeye aamke. Nguvu inayotumika kwenye biashara ya nyuma ya nyumba huwa ni ya nyumba nzima, na nimeona mabanda yakifungwa zaidi kwa sababu ya ugomvi wa chumbani kuliko kwa sababu ya kideri.

Kuna watakaosema, ataajiri kijana. Sawa, tumwingize kwenye jedwali. Mpe 150,000 kwa mwezi, nalo ni pato dogo. Awamu moja, pamoja na wiki mbili za kusafisha na kupumzisha banda, ni wiki saba, kwa hiyo atachukua kama 240,000. Katika faida ya 365,000, mwalimu anabaki na 125,000. Yaani sehemu kubwa ya ile tuliyoiita faida ilikuwa mshahara wa mtu anayeamka usiku. Kama wewe ndiye unayeamka, unajilipa mwenyewe. Kama huwezi kuamka, biashara hii kwa ukubwa huu haina nafasi yako na yake pamoja. Itakulazimu ufuge elfu moja au zaidi ili mshahara mmoja ugawanyike kwa wengi, na hapo tunarudi kwa wateja, safari hii mara mbili.

Sasa tuseme mwalimu ameyafanya yote. Wiki ya ulezi kwa jirani ilikwenda vizuri; siku ya sita alikuwa anatambua baridi kabla ya mwenye banda. Usiku saba aliuvumilia, ingawa alisema hatataka kuurudia wakati wa mitihani. Kuku ishirini wa wiki ya kwanza aliwauza kwa siku nne badala ya mbili. Kibanda kimoja kilichukua watano taslimu, mama lishe wawili walichukua watano, na kumi waliobaki ilibidi awaachie kwa hasara kidogo kwa mchinjaji wa soko la Chifu Kingalu. Njiani wenzake wa shuleni walimwomba, nao walikuwa wengi, lakini wote walitaka kulipa tarehe ya mshahara, na sharti la jaribio liliwazuia.

Mtu wa jedwali atasoma matokeo hayo na kusema, basi biashara ya kuku haimfai. Mimi nayasoma tofauti. Yanaonyesha mtu mwenye mikono makini, kumbukumbu nzuri, usiku wa kutosha lakini si kila mwezi, na mduara wa watu wanaokula vizuri, waaminifu, wanaolipa mara moja kwa mwezi. Mduara huo ni mbaya kwa bidhaa inayokula mfuko wa chakula kila siku ikisubiri mteja. Kwa mayai ni mzuri sana.

Kuku wa mayai ni wa soko lile lile la chakula cha mji, lakini anataka mtu mwingine. Ulezi wa usiku ni mara moja tu kwa kundi, na unaweza kuupanga uangukie likizo ya Juni. Baada ya hapo kazi ni ya kila siku, ya saa zile zile, asubuhi na jioni, bila kilele. Yai linakaa wiki mbili au zaidi mahali penye ubaridi wa kivuli bila kula chochote, kwa hiyo hakuna dalali wa kukuvizia siku ya thelathini na saba. Kuku mia moja wanapotaga vizuri hutoa mayai themanini hadi tisini kwa siku, yaani karibu trei tatu, au trei ishirini kwa wiki. Shule yenye walimu thelathini, kanisa, na duka moja la mtaani vinazimaliza trei hizo bila mwalimu kukanyaga kibanda chochote. Deni la trei moja hadi mwisho wa mwezi ni dogo na linavumilika.

Mayai nayo yana swali lake, na ni la mfuko. Kuku huyu hatagi mpaka afike wiki ya kumi na nane au ishirini, na kufikia hapo amekula kilo saba au nane za chakula bila kurudisha hata senti. Kwa kuku mia moja ni takriban mifuko kumi na sita, na kuanzia hapo kila mmoja anakula gramu 115 hadi 120 kila siku, atage asitage. Milioni tatu na nusu zitatosha kwa kuku mia moja na nafasi ya kupumua, hazitatosha kwa mia tatu. Mwalimu ana mshahara, kwa hiyo miezi mitano ya kulisha bila kupata chochote haitamlaza njaa. Yule dereva tuliyemtaja mwanzoni, asiye na mshahara maalumu, anayejua kila kibanda cha chipsi kutoka hapa hadi Chalinze, angekufa kwa subira hiyo. Yeye ndiye mtu wa kuku wa nyama, na pengine si wa kufuga kabisa: awachukue kwa wafugaji siku ya thelathini na tano, awachinje, awasambaze kwa pikipiki.

Katika vipimo hivi vitatu sitoi uzito sawa. Ujuzi unaongezeka kwa miezi. Watu wanaongezeka kwa miaka, na huongezeka kwa kufanya biashara nao, hawaji kwa kukusanya namba. Nguvu, kwa wengi wetu tuliovuka miaka thelathini na mitano wenye kazi na watoto, haiongezeki, hupangwa tu. Kwa hiyo wazo linalokosa ujuzi lisubirishwe, linalokosa watu lipunguzwe ukubwa au lisogezwe mahali pengine kwenye mnyororo ule ule, na linalogongana na nguvu zako liachwe mapema, hata kama soko linaita.

Jambo la mwisho, kwa sababu najua litaulizwa: vipi kuhusu kuungana na mwenye kile nisichonacho? Mwalimu na dereva, kwa mfano, mmoja alee na mwingine auze. Inawezekana, na nimeiona ikifanya kazi. Lakini mbia naye apimwe kwa kipimo kile kile, si kwa maneno ya mezani. Kabla hamjaandikiana karatasi yoyote, mnunue kuku ishirini kwa mfugaji mwingine. Awauze yeye kwa siku mbili, alete fedha taslimu, na katika siku hizo mwalimu asimpigie simu mteja hata mmoja.